Kufuta kache ya majina kwenye kompyuta: kinachorekebishwa na kisichorekebishwa

Katika ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo kilichoko Ngara, hapa Nairobi, tulihamisha programu ya uhasibu kutoka kwenye seva iliyochakaa hadi kwenye seva mpya wakati wa chakula cha mchana. Seva ya zamani ilikuwa na anwani 192.168.10.5, na mpya ilipewa 192.168.10.20. Jina ambalo wafanyakazi hulitumia kuifikia programu hiyo halikubadilika hata herufi moja. Katika makala haya nitaliita `hesabu.ofisi.example`. Saa saba kamili nilibadilisha rekodi ya jina hilo kwenye seva ya majina ya ofisi ili ielekeze kwenye anwani mpya, kisha nikaizima seva ya zamani. Dakika kumi baadaye mhasibu mmoja aliyerudi mapema aliniita: "Fundi, mashine yangu inasema seva haipatikani, lakini ya karani inafungua vizuri." Kompyuta hizo mbili zilikuwa kwenye meza zilizopakana, zilitumia waya za ruta moja na zilikuwa na programu ileile. Tofauti pekee ilikuwa kwamba karani alikuwa nje ya ofisi asubuhi nzima, na kompyuta yake iliwashwa mchana huo kwa mara ya kwanza.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo ufunguo wa jambo zima. Kompyuta haijui jina, inajua anwani. Mtu anapoandika jina, kompyuta huiuliza seva ya majina ni anwani gani inayolingana na jina hilo, na ikishajibiwa huliweka jibu katika akiba yake ya ndani, ambayo mafundi huiita kache, ili isilazimike kuuliza tena kila mara mtu anapobofya. Kila jibu huja na muda wake wa kuishi, unaohesabiwa kwa sekunde na kuandikwa kwenye skrini kama TTL. Muda huo ukiwa haujaisha, kompyuta hulitumia jibu lililomo akibani bila kumuuliza yeyote, na kwa hiyo haina njia ya kujua kwamba mwenye rekodi ameibadilisha. Seva ya majina haizipelekei kompyuta taarifa ya mabadiliko, bali hungoja iulizwe.

Rekodi ya programu yetu ilikuwa na muda wa sekunde 3600, yaani saa moja, ambao ndio muda wa kawaida kwa rekodi zinazoandikwa kwa mkono katika seva za majina za Windows. Mhasibu alikuwa amefungua programu saa saba kasoro dakika kumi, kabla ya kwenda kula. Wakati huo kompyuta yake ilipewa jibu la zamani likiwa na saa nzima ya kuishi, na hivyo ingeendelea kuitafuta seva iliyozimwa hadi saa nane kasoro dakika kumi. Kompyuta ya karani haikuwa na jibu lolote akibani, kwa sababu kache hii hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikiwa inafanya kazi. Iliuliza upya, ikapata anwani mpya.

Kabla ya kufuta chochote, inafaa kuthibitisha kwamba tatizo liko akibani, kwa maana kuna sababu nyingi zinazoweza kuifanya seva isipatikane. Kwenye Windows kipimo kipo, na kinahitaji amri mbili tu zinazoandikwa katika dirisha la amri:

```
ping hesabu.ofisi.example
nslookup hesabu.ofisi.example
```

Amri hizi zinaonekana kama zinauliza jambo moja, lakini njia zao ni tofauti. Amri ya `ping` hupitia huduma ileile ya Windows ambayo programu za kawaida huitumia kutafuta majina, kwa hiyo hutazama kwanza akibani. Amri ya `nslookup` huiruka akiba hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye seva ya majina. Kwenye kompyuta ya mhasibu, `ping` ilionyesha mabano yenye 192.168.10.5, ikifuatwa na maneno `Destination host unreachable`, ilhali `nslookup` ilijibu 192.168.10.20. Majibu yakitofautiana namna hiyo, seva ya majina ikisema jipya na kompyuta ikishikilia la zamani, ushahidi umekamilika: kosa liko ndani ya kompyuta yenyewe. Yakilingana na yote yakawa ya zamani, kufuta kache ya kompyuta hakutasaidia kwa wakati huo, kwa sababu anayeulizwa naye bado hajui jipya. Yakilingana na yote yakawa mapya huku programu ikikataa, basi jina halina kosa, na fundi aangalie kwingine.

Anayetaka kuliona jibu lenyewe likiwa akibani anaweza kuandika `ipconfig /displaydns`, ambayo huorodhesha kila jina linalokumbukwa pamoja na sekunde zilizobaki. Ukiiendesha mara mbili, ukiacha dakika moja kati, utaona namba iliyo mbele ya `Time To Live` imepungua kwa takribani sitini. Mimi humwonyesha mwenye kompyuta orodha hiyo kila ninapopata nafasi, kwa kuwa mtu akishaiona namba ikihesabu kushuka, haulizi tena kwa nini kompyuta yake "imekwama".

Ufutaji wenyewe ni mstari mmoja:

```
ipconfig /flushdns
```

Windows hujibu `Successfully flushed the DNS Resolver Cache`. Ikikataa kwa maneno `The requested operation requires elevation`, dirisha la amri lifunguliwe upya kwa ruhusa ya msimamizi. Kwenye macOS amri ni mbili, na hazitoi jibu lolote zikifaulu, jambo linalowafanya wengi wadhani hazikufanya kazi:

```
sudo dscacheutil -flushcache
sudo killall -HUP mDNSResponder
```

Kwenye Linux hutegemea kama kompyuta inaendesha huduma ya systemd-resolved, kama ilivyo kwenye Ubuntu. Hapo amri ni `resolvectl flush-caches`, na ukifuatisha mara moja `resolvectl statistics` utaona mstari wa `Current Cache Size` umerudi sifuri au karibu na sifuri. Ni vyema kufahamu pia kwamba kwenye mashine za namna hiyo kile kipimo cha `nslookup` hakiaminiki kikiandikwa kwa ufupi, kwa sababu swali hupelekwa kwa huduma iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye anwani 127.0.0.53, ambayo ndiyo yenye akiba. Dawa yake ni kuitaja seva unayotaka ijibu, kwa mfano `nslookup hesabu.ofisi.example 192.168.10.2`, ambapo 192.168.10.2 ni seva ya majina ya ofisi.

Wapo wanaosita kuiandika amri hii wakihofia kupoteza kitu. Hakuna kinachopotea. Kinachofutwa ni majibu ya majina tu. Nywila, faili, historia ya kurasa na mipangilio ya mtandao hubaki zilivyokuwa. Gharama yake ni kwamba mara ya kwanza baada ya hapo kila jina litaulizwa upya, na ucheleweshaji huo kwa kawaida ni mdogo kiasi kwamba mtumiaji hauhisi.

Kwenye kompyuta ya mhasibu, `ping` iliyofuata baada ya kufuta ilionyesha 192.168.10.20 na majibu yakaanza kurudi. Hata hivyo programu ya uhasibu iliyokuwa wazi iliendelea kulalamika mpaka alipoifunga na kuifungua tena. Hilo ni la kawaida: programu nyingi huuliza anwani mara moja zinapoanza, kisha huishika wenyewe, na kufuta kache ya mfumo hakuigusi anwani ambayo programu imekwisha kuichukua. Vivinjari vina tabia hiyo pia. Chrome ina akiba yake ya majina, ambayo hufutwa kwa kuandika `chrome://net-internals/#dns` katika nafasi ya anwani na kubofya kitufe cha `Clear host cache`. Firefox ina yake chini ya `about:networking#dns`. Kwa kawaida akiba hizo huwa fupi, lakini kivinjari huweza pia kuendelea kutumia muunganisho uliofunguliwa tayari na seva ya zamani, kwa hiyo njia rahisi ni kukifunga chote, madirisha yote, na kukifungua upya.

Tulifanya hivyo kwenye kompyuta kumi na moja, na kumi zikapona. Moja ilibaki ikionyesha 192.168.10.5 kwenye `ping` hata baada ya kufutwa mara tatu, ilhali `nslookup` yake ilitoa anwani mpya bila kusita. Jibu la zamani linaporudi papo hapo baada ya kache kufutwa, na seva ya majina hailijui, mahali pa kutazama ni faili moja tu, ambayo kwenye Windows iko hapa:

```
C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts
```

Ndani yake tulikuta mstari ulioandikwa na fundi aliyetutangulia, pengine siku ambayo seva ya majina ilisumbua na yeye akataka kazi iendelee: anwani 192.168.10.5, nafasi, kisha jina la programu. Windows huyapakia yaliyomo katika faili hiyo kwenye akiba yake na kuyapa kipaumbele, na hayana muda wa kuisha. Ukifuta kache, yanarudi palepale. Faili ya namna hii ni kongwe kuliko mfumo wenyewe wa seva za majina, uitwao DNS: kabla ya Paul Mockapetris kuubuni mwaka 1983, majina ya kompyuta zote za mtandao wa wakati huo yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila aliyehitaji aliinakili. Mifumo ya leo imeubakiza utaratibu huo wa zamani, nao una manufaa yake, lakini mstari ulioandikwa humo kwa dharura na kusahaulika husubiri miaka mingi mpaka siku ya kuhama. Tuliufuta mstari, tukahifadhi faili, na kompyuta ya kumi na moja ikapona.

Nilieleza kwamba niliizima seva ya zamani. Sikuizima kwa haraka. Ingebaki imewashwa, kompyuta zilizokuwa na jibu la zamani zisingeonyesha kosa lolote. Wahasibu wangeendelea kuingiza michango ya wanachama kwenye hifadhidata ya zamani kwa karibu saa nzima, huku karani akiingiza kwenye mpya, na jioni pangekuwa na vitabu viwili visivyolingana. Kosa linaloonekana kwenye skrini ni afadhali mara nyingi kuliko uandikishaji unaokwenda mahali pasipo pake kimyakimya. Anayehamisha mfumo unaopokea taarifa aufunge ule wa zamani, au angalau auzuie usiandike, kabla ya kubadilisha rekodi.

Kuna upande mwingine wa akiba hii ambao huwashangaza hata waliozoea. Kompyuta hukumbuka pia jibu la "hakuna". Mtu akiliulizia jina jipya kabla halijaandikwa, seva ya majina hujibu kwamba jina hilo halipo, na jibu hilo huwekwa akibani kama mengine. Utaratibu wake uliwekwa wazi mwaka 1998 katika waraka unaojulikana kama RFC 2308, na muda wake hauamuliwi na rekodi, kwa kuwa rekodi haipo, bali na namba iliyoandikwa katika rekodi kuu ya kikoa, ile ya SOA. Ofisini kwetu hili lilitokea wiki iliyofuata. Meneja aliambiwa kwamba kutakuwa na jina jipya la ukurasa wa mikopo, akalijaribu kabla sijaliandika, na nilipoliandika kompyuta yake pekee ndiyo iliyosema halipo. Kufuta kache kulimaliza jambo hilo kwa sekunde moja. Tangu hapo simtajii mtu jina jipya kabla ya kuliandika na kulijaribu mimi mwenyewe.

Mpaka hapa kufuta kache kunaonekana kuwa dawa inayofanya kazi kila mara. Sababu ni kwamba seva ya majina iliyokuwa ikiulizwa na kompyuta zetu ndiyo ileile iliyokuwa na rekodi yenyewe. Nilipobadilisha rekodi saa saba, ilijua jipya saa saba. Kati yake na kompyuta hapakuwa na mtu wa tatu mwenye kumbukumbu yake. Kwenye tovuti ya umma hali si hiyo hata kidogo, na hapo ndipo amri hii inapolaumiwa au kusifiwa isivyostahili.

Tuchukue duka la vipuri vya simu katika Barabara ya Luthuli, ambalo tovuti yake, tuiite `duka.example`, inahamishwa kutoka kwa mwenyeji mmoja, yaani kampuni inayoihifadhi tovuti kwenye seva zake, hadi mwingine: kutoka 198.51.100.7 hadi 203.0.113.40. Rekodi ina muda wa sekunde 14400, yaani saa nne. Kompyuta ya dukani haimuulizi mwenye rekodi. Huiuliza seva ya majina ya kampuni inayoleta intaneti, nayo ina akiba yake inayotumiwa na maelfu ya wateja. Tuseme mteja mwingine wa kampuni hiyo aliitembelea tovuti saa mbili asubuhi. Seva ya kampuni ililichukua jibu saa hiyo, nalo litaisha saa sita mchana. Saa tatu na nusu muuzaji anafungua tovuti. Seva ya kampuni inampa jibu lililomo akibani, lakini haimpi saa nne kamili. Inampa zilizobaki, yaani sekunde 9000, ambazo ni saa mbili na nusu. Kompyuta yake nayo italishika jibu hilo hadi saa sita mchana. Saa nne kamili mwenye duka anabadilisha rekodi. Saa nne na robo muuzaji anafuta kache ya kompyuta yake.

Anapata nini? Anapata jibu lilelile la zamani, likiwa na sekunde 6300 zilizobaki, ambazo zinamfikisha saa sita mchana barabara. Kufuta hakukumsogezea muda hata kwa dakika moja. Hesabu hii si bahati mbaya ya mfano nilioutunga; ndivyo mfumo ulivyopangwa. Kwa kuwa kila akiba hupokea muda uliobaki wala si muda mzima, kompyuta na seva iliyo juu yake huisha muda kwa wakati mmoja. Kutokana na hilo, kufuta kache ya kompyuta huleta mabadiliko pale tu ambapo anayeulizwa amekwisha kulijua jibu jipya, na kompyuta imebaki nyuma yake.

Hilo hutokea kwa njia chache kwenye intaneti ya umma. Mtu anaweza kubadilisha seva ya majina anayoiuliza, kwa mfano akaanza kutumia 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google, na seva hiyo ikawa haijawahi kuulizwa jina hilo karibuni. Huduma hizo mbili zina pia kurasa za umma ambapo mtu yeyote anaweza kuomba jina fulani lifutwe kwenye akiba yao, na akishafanya hivyo, kufuta kache ya kompyuta ndiko kunakokamilisha kazi. Vilevile ruta ya dukani mara nyingi hujiweka katikati na kuwa na akiba yake ndogo. Hapo kufuta kwenye kompyuta peke yake hakutoshi, na kuizima ruta na kuiwasha husaidia, ikiwa tu kampuni ya intaneti iliyo juu yake imekwisha kupata jipya.

Ipo pia hali inayowafanya watu waamini kwamba amri ikirudiwa mara nyingi hupata nguvu. Nyuma ya anwani moja ya seva ya majina ya kampuni kubwa huwa kuna mashine kadhaa, na si lazima zishiriki akiba moja. Mashine moja inaweza kuwa na jibu la zamani, nyingine ikawa imekwisha kuuliza upya. Mtu anafuta kache, swali lake linaangukia mashine ya kwanza, anapata la zamani. Anafuta tena, linaangukia ya pili, anapata jipya. Kilichobadilika ni mashine iliyojibu, na asishangae iwapo baada ya muda mfupi jibu la zamani litarejea.

Ili kujua mko wapi, swali huulizwa kwa ngazi. Kwanza `ping duka.example`, itakayoonyesha kompyuta inaamini nini. Kisha `nslookup duka.example`, itakayoonyesha seva ya kampuni inaamini nini. Maneno `Non-authoritative answer` juu ya jibu ni alama kwamba anayejibu si mwenye rekodi. Mwisho, swali lilelile lipelekwe kwa mwenye rekodi mwenyewe, kwa kuongeza mwishoni mwa amri jina la seva yake ya majina ambalo mwenyeji wa tovuti hulitoa. Mwenye rekodi akijibu la zamani, basi mabadiliko hayakuhifadhiwa, au yamefanywa kwenye paneli ya mwenyeji ambaye kikoa hakimtumii tena. Kosa hilo la mwisho nimelikuta mara nyingi: mtu anaibadilisha rekodi kwa uangalifu mahali ambapo hakuna anayeisoma, kisha anafuta kache siku mbili mfululizo.

Muuzaji akifuta kache yake na kuiona tovuti mpya, afahamu kwamba ameirekebisha kompyuta moja. Mteja wa Eastleigh au wa Kisumu anategemea akiba zake mwenyewe. Barua pepe nazo hazihusiki kwa namna ambayo wengi hudhani: barua inayotumwa kwa duka hupelekwa na seva ya mtumaji, na seva hiyo ndiyo inayoitafuta rekodi ya MX ya duka, ile inayotaja seva inayopokea barua zake. Kufuta kache kwenye kompyuta ya mpokeaji hakuwezi kuifanya barua hiyo ifike, ingawa kunaweza kuisaidia programu yake ya barua kuipata seva anayosomea. Picha ya zamani inayoendelea kuonekana kwenye ukurasa ambao anwani yake ni sahihi ni suala jingine tena. Hiyo imo katika akiba ya kurasa ya kivinjari, na `ipconfig` haina habari nayo.

Kinachopunguza kweli muda wa kungoja hufanywa kabla ya mabadiliko. Muda wa rekodi hushushwa, kwa mfano hadi sekunde 300, na mabadiliko ya anwani yenyewe hungoja mpaka muda wa zamani uishe wote. Kwa duka letu lenye sekunde 14400, aliyeushusha saa mbili asubuhi asiguse anwani kabla ya saa sita, kwa sababu akiba iliyolichukua jibu dakika moja kabla ya kushushwa bado ina saa nne zake. Baada ya hapo, akiba zinazofuata utaratibu hazitakuwa na jibu lenye zaidi ya dakika tano. Mwenyeji wa zamani abaki amewashwa kwa siku chache, ikiwa tovuti ni ya kusoma tu, kwa ajili ya akiba chache zisizoheshimu muda ulioandikwa.

Katika chama cha akiba na mikopo tulipohamisha seva ya faili mwezi uliofuata, niliushusha muda wa rekodi yake hadi 300 jioni ya siku iliyotangulia, nikazipitia faili za `hosts` za kompyuta zote kumi na moja, kisha nikabadilisha anwani saa saba mchana. Walioingia saa nane hawakuona tofauti, na sikuandika amri ya kufuta kwenye kompyuta hata moja. Jioni nilirudisha muda kuwa 3600, ili kompyuta zisiendelee kuiuliza seva ya majina kila baada ya dakika tano kuhusu anwani ambayo haitabadilika tena karibuni.